Mchango wa mwezi: kwa nini kaya na fremu zisilipe sawa

Kikao cha kuanzisha umoja wa wakazi huwa hakikosi mtu wa kusema, "Tujumlishe gharama zote, tugawe kwa idadi yetu, kila mtu alipe sawa, mambo yaishe." Watu hupiga makofi kwa sababu inasikika kama haki. Mwezi wa kwanza wanalipa wengi. Mwezi wa pili mweka hazina anaanza kuzunguka majumbani. Mwezi wa tatu mlinzi anadai mshahara wake, koki ya bomba inavuja, na hakuna anayejua fedha iliyokusanywa imekwenda upande gani.

Maoni yangu ni kwamba mgawanyo wa sawa kwa sawa si haki, na ndiyo sababu kubwa inayofanya umoja wa namna hii kufa mapema. Ulinzi, maji, usafi na matengenezo ni gharama nne tofauti, na kila moja ina watu wake wanaoisababisha. Ukizichanganya kwenye kapu moja, mkulima anaishia kulipia taka za mwuza samaki, na mwenye duka anaishia kulipia maji ya jirani anayefyatua tofali.

Najua wengine watauliza afisa ugani ameingiaje kwenye habari za walinzi na mafagio. Watu wanaokaa kwenye vikao hivi ni walewale ninaokutana nao kwenye vikundi vya mihogo na kwenye chama cha msingi cha korosho, na kwenye biashara ya shamba tumezoea kujiuliza gharama hii imeletwa na nini kabla ya kupanga bei. Hapa napendekeza tujiulize swali hilohilo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Namba ni za mfano tu, na bei za kwenu weka za kwenu. Tuseme ni sehemu inayofanana na pale katikati ya Maneromango au senta yoyote ya Kisarawe: kuna kaya 45 zinazozunguka soko dogo, na sokoni kuna fremu 20. Kuna gati moja la maji, choo cha soko, taa chache za sola na banda la wauza mbogamboga. Wakazi wamekubaliana wawe na umoja, na wanataka kujua kila mmoja atoe kiasi gani kwa mwezi.

Tuanze na ulinzi, kwa sababu ndio unaobeba zaidi ya nusu ya fedha yote na ndio unaokosewa zaidi. Vikundi vingi huajiri mlinzi mmoja, akakesha siku saba za wiki, mwezi hadi mwezi. Mtu huyo hawezi. Baada ya wiki mbili atakuwa analala kwenye kibaraza, na mkimlaumu mtakuwa mnamwonea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Mlinzi anayeingia saa 1 usiku na kutoka saa 12 asubuhi amefanya kazi saa 11. Akikesha usiku nne amefikisha saa 44, yaani wiki yake imekwisha. Kwa hiyo lindo moja la kila usiku linahitaji watu wawili wanaopokezana, mmoja usiku nne na mwenzake usiku tatu, halafu wiki inayofuata wanabadilishana. Kwa kuwa saa 11 kwa usiku mmoja zinazidi saa 9 za kawaida za siku, utaratibu huo uandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Wakati wa likizo, ambayo kisheria ni siku 28 kwa mwaka, wakazi washike lindo la zamu wenyewe, na wapange likizo hizo ziangukie baada ya mavuno watu wakiwa hawajachoka na shamba.

Tuseme kila mlinzi anapata shilingi 200,000, ndani yake ikiwa imo nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku. (Kabla hamjapanga namba hii, muulizeni afisa kazi kima cha chini kilichopo sasa, maana hubadilika.) Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo umoja unaongeza shilingi 20,000 kwa kila mlinzi. Wawili ni 440,000. Ongeza 10,000 za tochi, betri na koti la mvua, mnafika 450,000 kwa mwezi.

Sasa nani alipe? Mimi napenda kuuliza hivi: fremu zisingekuwepo, kaya 45 zingeajiri walinzi? Sehemu nyingi jibu ni hapana. Wangeendelea na ulinzi shirikishi kama zamani, vijana kwa zamu, filimbi na kurunzi. Walinzi wa kulipwa wamekuja kwa sababu ndani ya fremu kuna mashine, simu, magunia na saruji. Ila kaya nazo zinanufaika, kwani mwizi wa mbuzi naye hupita njia ileile. Napendekeza fremu zibebe theluthi mbili, yaani 300,000, na kaya zibebe theluthi moja, yaani 150,000. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa kila fremu, sawa na 500 kwa siku, na kama 3,333 kwa kila kaya. Kama kwenu mlinzi anatumia nusu ya usiku kuzunguka majumbani, gawaneni nusu kwa nusu. Tembeeni na mlinzi usiku mmoja mwone anapita wapi, kisha muamue.

Wapo wafanyabiashara watakaosema theluthi mbili ni nyingi. Wajiulize mlinzi wao binafsi angewagharimu kiasi gani. Wenye fremu 20 wakiamua kujilinda peke yao bila kaya, ile 450,000 inakuwa 22,500 kwa kila mmoja. Hiyo 15,000 tayari ina punguzo la ujirani.

Maji yasiingie kabisa kwenye mchango wa mwezi. Hapa sina mjadala mrefu, kwa sababu maji yanapimika. Mjane anayechota ndoo mbili kwa siku na mama lishe anayechota ishirini wakilipa kiasi kimoja kwa mwezi, mmoja anamnywesha mwenzake. Maji yauzwe kwa dumu pale gatini na yajitegemee yenyewe.

Vijijini huduma ya maji iko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na anayekuuzia ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambacho wengi tunakiita jumuiya ya maji. Tuseme umoja una gati lenye mita, na chombo kinauza uniti moja, yaani lita 1,000, kwa shilingi 1,250. Kwa hesabu ya karatasi uniti moja ni madumu 50 ya lita 20. Kwa hesabu ya gatini hutauza 50. Yapo yanayomwagika, na dumu la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni hubeba zaidi ya lita 20. Mimi ningepanga bajeti kwa madumu 44. Ukiuza kila dumu kwa shilingi 50, uniti inaleta 2,200, ukitoa 1,250 ya kununulia unabaki na 950.

Kwa uniti 90 kwa mwezi, ambazo ni kama madumu 130 kwa siku, umoja unabaki na 85,500. Mhudumu wa gati anayefungua asubuhi na jioni apewe, tuseme, 45,000. Inabaki 40,500, na hii ni ya koki, mipira ya koki, bomba na siku moja kununua simtanki jingine. Isiguswe kumlipa mlinzi.

Namna ya kujua kama gati linavuja au fedha ndiyo inayovuja ni rahisi. Jioni subiri simtanki lijae na boya lifunge, kisha funga koki zote na usome mita. Soma tena asubuhi kabla ya kufungua. Namba ikiwa imesogea, maji yanapotea kati ya mita na koki, basi mtafute fundi. Isiposogea, lakini kila uniti inaleta fedha ya madumu 38 au 35, tatizo liko kwenye mauzo: ama kuna watu wanachota bure, ama daftari halijazwi kila dumu linapotoka. Msimlaumu mhudumu kabla ya kufanya jaribio hili la usiku. Nimesikia wahudumu wengi wakifukuzwa kwa wizi uliokuwa wa bomba lililopasuka chini ya ardhi.

Usafi ni mfupi. Kaya ya mkulima ina shimo lake la taka, na maganda ya mihogo na majani ni mboji. Inachohusika nacho ni mtaro na njia ya pamoja. Shilingi 1,000 kwa kaya inatosha, nazo zinafika 45,000. Sokoni ndiko kuna kazi. Fremu nane zinazotoa taka nyingi, za samaki, mboga, nyama na chakula, zilipe 8,000 kila moja, na zile kumi na mbili za cherehani, dawa, vocha na vifaa vya ujenzi zilipe 4,000. Jumla yote ni 157,000. Hiyo inamlipa mfagiaji wa asubuhi 110,000 pamoja na NSSF yake, inanunua mafagio, glovu na sabuni kwa 17,000, na 30,000 inayobaki ni ya toroli la kupeleka taka jalalani. Mwuza samaki atanung'unika. Mwonyesheni ndoo yake ya taka na ya fundi cherehani zikiwa zimewekwa pamoja.

Matengenezo ndiyo sehemu inayosahaulika, kwa sababu mwezi huu hakuna kilichoharibika. Umoja mwingi hausubiri akiba, husubiri harambee. Choo kikijaa ndipo watu wanaitwa kuchanga, na anayechanga ni yule aliyekuwepo siku hiyo. Njia nzuri zaidi ni kuandika kila kitu cha pamoja, bei yake ya kukirudisha, na miezi kinayotegemewa kudumu, kisha kugawa.

Taa sita za sola kwa 60,000 kila moja ni 360,000. Tukizipa miaka mitatu, yaani miezi 36, tunaweka 10,000 kila mwezi. Gari la kunyonya choo, kwa kuwa linatoka mbali, tuseme 240,000 mara moja kila miaka miwili, ni 10,000 nyingine kwa mwezi. Mbao na bati za banda la soko, 1,500,000 kwa miaka kumi, ni 12,500. Ongeza 17,500 ya vitu vidogo, kama kitasa cha choo, balbu na misumari. Jumla ni 50,000. Simtanki halimo kwa sababu linajilipia kwenye maji. Choo na banda vinatumika zaidi na soko, taa zinamulika wote, kwa hiyo ningegawa 1,600 kwa fremu na 400 kwa kaya. Zidisha uone: 32,000 na 18,000.

Fedha hii ya matengenezo ikae akaunti tofauti na ile ya mishahara. Zikikaa pamoja, mwezi mchango unapokuwa mdogo, taa za miaka mitatu ijayo zitamlipa mlinzi wa leo, na hakuna atakayegundua mpaka taa zizime.

Sasa tujumlishe. Ukiacha maji, gharama ya mwezi ni 450,000 za ulinzi, 157,000 za usafi na 50,000 za matengenezo, yaani 657,000. Tungegawa sawa kwa watu 65, kila mmoja angelipa kama 10,100. Kwa mgawanyo wa nani anasababisha nini, kaya inalipa kama 4,733, fremu ya taka kidogo 20,600, na fremu ya taka nyingi 24,600. Mkulima wa ekari mbili za mihogo amepungukiwa na zaidi ya nusu ya mzigo. Huko Dar es Salaam kwenye maghorofa wanafanya kitu kinachofanana na hiki, kwani tangu sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 michango ya jengo hufuata ukubwa wa sehemu ya mtu, haifuati hesabu ya milango.

Namba hizo si nzuri kwa kukusanya mkononi, kwa hiyo tuzikaze: kaya 5,000, fremu 21,000, fremu ya taka nyingi 25,000. Zikilipa zote zinaleta 677,000, ambazo ni 20,000 zaidi ya gharama. Hiyo 20,000 msiifurahie wala msiile. Ni mchango wa kaya nne. Itumieni kusamehe kaya nne ambazo kila mtu anajua haziwezi: bibi anayelea wajukuu, mgonjwa asiyefanya kazi. Msamaha upitishwe kwenye mkutano, uandikwe, na uwe na muda, tuseme mwaka mmoja kisha utazamwe upya. Kinachoniudhi ni msamaha wa kimyakimya, pale mweka hazina anapoacha tu kumdai mtu fulani kwa huruma, kisha jirani akaona, naye akaacha kulipa kwa sababu "mbona fulani halipi". Huruma iliyoandikwa haileti maneno.

Hapa ndipo bajeti nyingi zinaanguka hata baada ya kugawa vizuri. Tumepiga hesabu kana kwamba wote watalipa kila mwezi, na hawatalipa. Tuseme katika kila shilingi kumi zinazotakiwa, nane ndizo zinazoingia kwa wakati. Nane ya kumi ya 657,000 ni 525,600. Angalia sasa mishahara: walinzi 440,000 na mfagiaji 110,000, jumla 550,000. Kwa watu kuchelewa kidogo tu, umoja umeshindwa kulipa mishahara mwezi wa kwanza, kabla hata ya kununua betri. Na mlinzi asiyelipwa halalamiki kikaoni. Anaanza kuchelewa kuja, halafu anakuja siku moja moja, halafu siku moja fremu inavunjwa na kila mtu anamtazama yeye.

Dawa ya kawaida ni kupandisha mchango ili wanaolipa wafidie wasiolipa. Siikubali. Ukifanya hivyo unamwadhibu mlipaji mzuri, naye atakuwa wa kwanza kuchoka. Napendekeza amana. Kila mwanachama, siku ya kujiunga, alipe miezi miwili: mmoja wa kutumia, mmoja wa kukaa benki. Walinzi wasiajiriwe kabla amana haijatimia. Kwa mfano wetu amana ni 657,000. Upungufu wa mwezi ni 131,400. Gawa uone: amana inaubeba umoja miezi mitano. Hiyo miezi mitano ndiyo muda wenu wa kufuatilia madeni na kurudisha kilichotolewa.

Na mkifika mwezi wa tatu makusanyo hayajavuka nane ya kumi, itisheni mkutano wa kupunguza huduma, msiitishe wa kupandisha mchango. Rudisheni kaya kwenye lindo la zamu, walinzi wa kulipwa wabaki sokoni na walipwe na fremu peke yake, kwa ile 22,500. Huduma ndogo inayolipika itadumu. Kubwa isiyolipika itawaachia deni la mtu aliyekesha.

Jambo la majira nalo linatuhusu sana sisi wa Pwani. Kumwambia mkulima alipe 5,000 kila tarehe 5 ni kumpangia maisha ya mwajiriwa. Fedha ya korosho huingia kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, na ikifika masika wengi mfukoni hamna kitu, ndiyo kwanza tunanunua mbegu na kulipia vibarua vya palizi. Kaya iruhusiwe kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, 60,000, mwezi Desemba. Asiyetaka mkupuo alipe mara mbili. Mwenye fremu, ambaye fedha yake inaingia kila siku, alipe kila wiki. Mweka hazina apite Jumamosi moja moja badala ya kungoja mwisho wa mwezi akute droo imehamia kwenye mzigo mpya.

Hatari ya malipo ya Desemba ni kwamba yanaonekana kama utajiri. Tuseme kaya 25 zimelipa mwaka mzima: ni 1,500,000 kwa siku chache. Kamati itashawishika kujenga geti, kununua viti, kufanya sherehe ya mwaka. Lakini katika fedha hiyo, haki ya mwezi Desemba ni 125,000 tu. Inayobaki ni ya miezi kumi na moja ijayo. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba kila mwezi itatoka moja ya kumi na mbili, na benki iwe na watia saini watatu, mmoja wao akiwa hayumo kwenye kamati ya kila siku. Kaya isiyo na fedha kabisa lakini ina nguvu iruhusiwe kulipa kwa kazi: kuzibua mitaro kabla ya mvua za Machi ni kazi ambayo umoja ungemlipa kibarua, basi mkadirie siku moja ni shilingi ngapi na muiandike kwenye daftari kama fedha.

Swali ninaloulizwa sana ni kama umoja unaweza kumlazimisha asiyetaka. Umoja wa hiari unawabana wanachama wake tu, kwa katiba waliyosaini. Mkitaka mchango umguse kila mkazi, njia ni sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji huiandaa, hupelekwa mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kabla ya hapo, kumtoza faini asiye mwanachama au kumchukulia kuku wake ni kujitafutia kesi. Na hata mkiwa na sheria ndogo, naomba mtu asinyimwe maji kwa sababu hajalipa mlinzi. Maji ameyalipia dumu kwa dumu. Deni la ulinzi lidaiwe kama deni la ulinzi.

Kwa fremu za kupanga, amueni mapema nani analipa, mwenye nyumba au mpangaji. Wapangaji huhama, na fremu hukaa tupu miezi miwili mitatu wakati mlinzi bado anapita mlangoni pake kila usiku. Ushauri wangu ni kwamba jina kwenye daftari liwe la mwenye fremu. Yeye akitaka kumwachia mpangaji, waandike kwenye mkataba wao wa pango, na mpangaji akihama bila kulipa, mwenye fremu ndiye anayedaiwa. Fremu tupu ilipe ulinzi na matengenezo, isilipe usafi, kwa sababu haina taka. Kwa mfano wetu hiyo ni 16,600 badala ya 21,000, na mwenye fremu ajulishwe hivyo mwezi uleule mpangaji alipotoka.